Kabla ya Kusema Hela Imeliwa, Panga Tarehe

Hapa Songea, duka likionekana lina upungufu, mtu wa kwanza kutazamwa vibaya ni yule anayekaa kaunta. Na siku hizi anayekaa kaunta mara nyingi ni mwanachuo mwenzetu anayetafuta hela ya kula wakati boom halijaingia. Hoja yangu ni hii: kwenye biashara yoyote inayouza huduma kwa vipindi, iwe intaneti ya hosteli, king'amuzi au gym, upungufu unaweza kuwepo kitabuni bila shilingi hata moja kuibiwa. Wahesabu wengi wanajumlisha safu ya hela bila kuangalia safu ya tarehe. Hilo ni kosa, na linaumiza watu wawili: mhudumu na mteja.

Nina mfano kamili. Kuna mtoa huduma mdogo wa intaneti karibu na hosteli zetu, jina tuliache. Anauza vifurushi viwili vya siku 30: kidogo ni shilingi 15,000, yaani 500 kwa siku, na kikubwa ni 24,000, yaani 800 kwa siku. Mchana anakaa kaunta dada mmoja wa mwaka wa tatu. Jioni mwenye biashara mwenyewe anaandika kitabuni malipo anayoyaona kwenye ujumbe wa simu. Mwezi Juni kitabu kikasema hela nyingi, lakini simu na droo vikasema kidogo. Yule dada akaulizwa hela iko wapi. Kwa kuwa mimi nasomea ualimu wa hisabati, aliniomba nimsaidie kupitia kitabu. Tuliamua kuanza na mteja mmoja tu, na kwa kweli alitosha.

Rekodi za mteja huyo zilikuwa tano:

1. 3 Machi hadi 1 Aprili, 15,000
2. 28 Machi hadi 26 Aprili, 15,000
3. 29 Machi hadi 27 Aprili, 15,000
4. 12 Aprili hadi 11 Mei, 24,000
5. 17 Mei hadi 15 Juni, 24,000

Jumla ya kitabu ni 93,000. Hela iliyoingia kweli kutoka kwake ni 70,500. Tofauti ni 22,500. Ukiishia hapo, unamfukuza mtu kazi. Sisi tukasoma tarehe.

Kwanza lazima mkubaliane tarehe ya mwisho maana yake nini. Hapa siku ya mwisho nayo ni siku ya huduma, kwa hiyo kipindi kinachofuata vizuri kinaanza kesho yake. Ukipanga rekodi kwa tarehe ya kuanza, chukua tarehe ya kuanza ya kila rekodi utoe tarehe ya mwisho iliyo mbele kuliko zote zilizotangulia. Jibu likiwa 1, vipindi vimeungana sawasawa. Likizidi 1, kuna pengo. Likiwa 0 au hasi, vipindi vimepandana. Kwenye Eksel, tarehe za kuanza zikiwa safu ya B na za mwisho safu ya C, rekodi ya kwanza ikiwa mstari wa 2, andika hivi kwenye mstari wa 3 kisha vuta kwenda chini:

```
=B3-MAX(C$2:C2)
```

Angalia kwamba hatutoi tarehe ya mwisho ya rekodi iliyo juu yake tu. Chukulia mtu amelipia miezi minne kwa mkupuo, halafu ndani yake akaongeza kifurushi cha wiki moja kwa ajili ya kazi ya kikundi. Ukilinganisha rekodi inayofuata na ile ya wiki peke yake, utaona pengo, kumbe miezi minne bado inaendelea. Ndiyo maana tunatumia MAX.

Kwa mteja wetu majibu yalitoka -4, -28, -15 na 6. Kupata siku zilizopandana, chukua 1 utoe jibu. Kwa hiyo rekodi ya pili imepanda juu ya kilichotangulia kwa siku 5, ya tatu siku 29, ya nne siku 16. Ya tano ina pengo la siku 5.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea mara ya pili. Wakishaona mpandano wanafuta rekodi. Mimi nasema usifute kitu kabla hujauliza hela ya rekodi hiyo iliingia au haikuingia. Mpandano ni dalili tu, na kwenye rekodi hizi chache dalili moja ilikuwa na sababu tatu tofauti.

Rekodi ya tatu ilikuwa na namba ya muamala ileile ya rekodi ya pili. Dada aliiandika mchana siku ya malipo, na mwenye biashara akaiandika tena kesho yake jioni kutoka kwenye simu. Kwa sababu tarehe zimepishana siku moja, ukitafuta rekodi zinazofanana kabisa huzipati. Mpandano wa siku 29 kati ya 30 ndio uliozifichua. Hii ni hela moja iliyohesabiwa mara mbili, na hii ndiyo ya kufuta. Shilingi 15,000 za upungufu zimepata maelezo.

Rekodi ya pili yenyewe ni jambo lingine. Mteja alilipa kweli, ila aliwahi: alilipa tarehe 28 Machi wakati kifurushi chake kinaishia 1 Aprili. Kitabu kikaanza kuhesabu siku ileile aliyolipa. Ukiifuta hii unamdhulumu mwenye biashara, na ukiiacha ilivyo unamdhulumu mteja, maana siku tano amezilipia mara mbili. Dawa ni kuisogeza: ianze 2 Aprili, iishe 1 Mei.

Rekodi ya nne ni ya kubadili kifurushi. Tarehe 12 Aprili mteja alihamia kikubwa, na duka likampunguzia thamani ya siku zilizobaki kwenye kile kidogo. Duka liliona zimebaki siku 15, kuanzia tarehe 12 hadi 26, sawa na 7,500. Kwa hiyo alilipa 16,500. Lakini kitabuni pakaandikwa 24,000 nzima, na rekodi ya zamani haikufungwa. Zile 7,500 zikawa zimehesabiwa ndani ya rekodi ya pili na tena ndani ya rekodi ya nne. Jumlisha 15,000 na 7,500 unapata 22,500, na upungufu wote umeisha. Hakuna aliyekula hela.

Ila bado hatujamaliza, kwa sababu mteja naye ana haki yake. Kama rekodi ya pili ingesogezwa tangu mwanzo, tarehe 12 Aprili zingekuwa zimebaki siku 20, si 15. Angepunguziwa 10,000 na kulipa 14,000. Alilipa 16,500, kwa hiyo duka linamdai yeye kitu gani? Hakuna. Yeye ndiye anayelidai duka 2,500.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kina wazo ambalo hata duka la mtaani linaweza kulifuata: hela uliyopokea kabla ya kutoa huduma bado ni deni lako kwa mteja, na inageuka mapato kadiri unavyotoa huduma. Tuipime kwa mteja wetu. Siku 30 za mwanzo kwa 500 ni 15,000. Kuanzia 2 hadi 11 Aprili ni siku 10, sawa na 5,000. Kifurushi kikubwa cha kwanza 24,000, cha pili 24,000. Jumla 68,000. Sasa chukua hela iliyoingia, 70,500, toa deni la mteja 2,500. Unapata 68,000 ileile. Namba mbili zilizotoka njia tofauti zikikutana hivyo, unajua umefika.

Limebaki pengo la 12 hadi 16 Mei. Kuna wahesabu wanaopenda kulijaza ili mteja aonekane ameendelea mfululizo, na hapo wanaongeza mapato ya siku ambazo hakuna aliyezilipia. Pengo nalo linaulizwa. Huenda rekodi imesahaulika, huenda mteja alipewa huduma kwa mkopo, au huenda hakuwepo kabisa. Kumbukumbu za ruta ndizo zinazotoa jibu, na kwa siku hizo tano vifaa vyake havikuunganishwa hata mara moja. Alikuwa anasubiri hela ya nyumbani, na Mei huku kwetu wazazi wengi mahindi bado yako shambani. Pengo lile ni la kweli, liachwe.

Njia hii ina mipaka yake. Mteja akiandikwa kwa namba ya simu, na wengi wetu tuna laini mbili au tatu, rekodi zake zitagawanyika kana kwamba ni watu wawili na mpandano hautaonekana. Upande wa pili, mtu anayelipia kifaa chake na cha mwenzake wa chumba ataonekana amepandana kumbe kanunua huduma mbili halali. Kwa hiyo panga kwa mteja na kwa huduma anayotumia, si kwa jina peke yake.

Ninachodai si kikubwa. Mwenye biashara aandike mambo manne kwa kila malipo: siku ya kuanza, siku ya mwisho, hela iliyopokelewa mkononi, na namba ya muamala. Anayelipa mapema aanziwe kesho ya siku yake ya mwisho, si siku aliyolipa. Na sisi wateja tusifute ule ujumbe wa malipo, tena tuulize papo hapo kipindi kinaanza lini.

Yule dada bado yuko kaunta. Mteja alirudishiwa 2,500 yake. Kitabu kina wateja wengine wengi ambao hatujawapitia, na ningependa mwenye biashara awapitie wote, mmoja mmoja, kabla hajamuuliza mtu mwingine hela iko wapi.