Neno la Mhariri: Kadi ya Maana Iondolewe

Mchezo wa kadi za methali unaochezwa darasa la tano na la sita una kasoro ambayo makala nyingi za toleo hili zimeipita: kadi ya pili huandikwa maana. Kadi moja inasema "Bandu bandu huisha gogo", nyingine "Kitu kikipunguzwa kidogo kidogo huisha". Mwanafunzi huona neno "huisha" pande zote mbili, huziweka pamoja, hupata alama. Methali yenyewe hajaigusa. Aliyetunga kadi ndiye aliyefikiri, mtoto amelinganisha herufi.

Mahali pa maana paandikwe tukio, tena lisilotumia neno lolote la methali. Kwa "Haba na haba hujaza kibaba" kadi iseme: "Kila siku ya gulio mama hutia shilingi 2,000 kwenye kopo. Mwaka ulipokwisha alinunua mbuzi." Kwa "Bandu bandu" iseme: "Kila asubuhi watu walishuka na mizigo ya kuni kutoka mlimani. Leo mlima ni upara." Hapo hakuna neno la kushikilia. Lazima mtoto aone kwamba matukio yote mawili yanakwenda polepole, lakini moja linajaza na jingine linamaliza. Akizibadilisha kadi hizo mbili, mwalimu anajua papo hapo kwamba ameshika "kidogo kidogo" na kuacha mwelekeo.

Tukio lina faida nyingine, nayo inaonekana wazi Ulaya, kata ya Wilaya ya Kilosa iliyo kwenye njia ya Mikumi. Methali nyingi za vitabuni zilizaliwa pwani. Mtoto wa Ulaya akisoma "Maji yakijaa hupwa", hafikirii bahari, anafikiria mafuriko. Wilaya yake inayajua: Mto Mkondoa ulifurika vibaya Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Kwa mvuvi, maji kujaa ni hali njema ya chombo kuelea, na hupwa kwa saa zinazojulikana. Ndiyo maana methali humwonya mwenye cheo au mali kwamba vitapungua. Kwa mtoto wa bondeni, maji kujaa ni balaa, na kupungua kwake ni faraja. Methali ileile imegeuka: onyo limekuwa liwazo. Kadi ya maana ingeificha tofauti hiyo. Kadi ya tukio, kwa mfano "Mwenyekiti aliyesalimiwa na kijiji kizima amemaliza muda wake, sasa anapita na hakuna amsimamishaye", huifichua, kwa kuwa mtoto atasita na kuuliza kwa nini kadi hiyo iende na maji. Ndipo mwalimu aeleze kupwa ni nini. Mtoto anayetetea liwazo kwa sababu nzuri asikatwe alama, ingawa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una jibu moja.

Idadi ya kadi nayo huharibu mchezo. Methali 12 zikilinganishwa na maana 12, jozi mbili tatu za mwisho hujipanga zenyewe kwa kubaki. Kundi la watoto watano lipewe methali nane zilizotandazwa wazi na matukio kumi, mawili kwa kila mtoto. Kila mmoja kwa zamu husoma tukio lake, huliweka penye methali na kusema sababu. Mwenzake anaruhusiwa kupinga, na kundi huamua kabla ya kutazama majibu ya mwalimu. Matukio mawili hayana methali, na anayeyatambua hupata alama sawa na aliyepanga vizuri. Anayemaliza kwanza hapati chochote cha ziada, maana mbio ndizo zinazowafanya watoto waache kusoma.

Matukio mawili kati ya yale nane yatofautiane kwa sentensi moja tu. Mkulima alipanda mahindi kwa mvua ya kwanza, jua likakaa wiki tatu, miche ikanyauka: "Haraka haraka haina baraka". Jirani yake alisubiri hadi mvua zikakaribia kuisha: "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Mabishano makali hutokea hapo, na ni vema yatokee.

Makala ya vifaa inashauri karatasi ya manila. Inafaa, ila wino mzito hupenya na watoto husoma kadi kwa nyuma; boksi lililokatwa kwa kipimo kimoja ni salama zaidi. Makala kuhusu darasa la watoto 60 inatoa hesabu sahihi: makundi 12, kadi 18 kila kundi, jumla 216. Mwalimu asiyeweza kuandika zote aandike seti nne na kuyachezesha makundi manne kwa kipindi, mengine yakitunga matukio yao. Kadi zinazotungwa na watoto wa Ulaya zitakuwa na tembo, mashamba ya mahindi na treni ya Kilosa, na seti ya mwaka unaofuata itokane nazo.