Ukutani watoto 61, kitabuni watoto 43



Juma hili tunapenda kuzungumza juu ya mtu ambaye wengi wetu tunampita tu siku ya kupima watoto kilo. Ni karani wa data wa kituo cha afya, yule anayekaa kwenye meza na kitabu kikubwa. Sisi tunamtazama muuguzi mwenye sindano, kwa sababu ndiye anayemliza mtoto. Lakini kuna siku karani ndiye anayegundua kwamba watoto wamesahauliwa.

Hadithi tunayoisimulia ni ya mfano. Hatumtaji mtu wala kituo, na hesabu tumezitunga ili kila mmoja aweze kuzifuata kwa vidole vyake. Lakini makosa yaliyomo ni yale yanayotokea kweli katika kazi hii, na hatua za kuyatafuta ni hizo hizo.

Kwanza tuone namba inatoka wapi. Mtoto akichanjwa, muuguzi anaandika tarehe kwenye kadi ambayo mama anarudi nayo nyumbani. Pili, anaandika katika rejista, kile kitabu kikubwa, kwenye mstari wa mtoto huyo: jina lake, siku aliyozaliwa, kijiji chake, na tarehe ya kila chanjo. Tatu, anapiga alama moja kwenye karatasi ya kuhesabia. Mwisho wa mwezi alama zile zinajumlishwa, na jumla inaingia katika ripoti ya mwezi. Ripoti inapelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, na huko inaingizwa katika kompyuta, kwenye programu iitwayo DHIS2 inayotumika katika nchi yetu nzima. Jumla hiyo hiyo ndiyo inayochorwa kwenye grafiki iliyobandikwa ukutani.

Basi angalieni: grafiki haitoki katika kitabu chenye majina. Inatoka katika alama. Alama ikishapigwa, hakuna anayejua tena ilikuwa ya mtoto gani.

Karani wetu alikuwa akichora grafiki ya mwezi wa tatu. Aliandika Penta 1, watoto 58. Penta 2, watoto 52. Penta 3, watoto 61. Penta ni ile chanjo ya pajani inayolinda na magonjwa matano: kifaduro, pepopunda, dondakoo, ugonjwa wa ini wa aina ya B, na kijidudu Hib kinacholeta homa ya mapafu na ya uti wa mgongo. Mtoto anaipata mara tatu, akiwa na majuma 6, majuma 10 na majuma 14.

Alipofika kwenye 61 mkono wake ulisimama. Kwa kawaida watoto wanapungua njiani. Mama mmoja amehamia shamba la mbali, mwingine mtoto alipata homa baada ya sindano ya kwanza naye akaogopa kurudi. Wanaomaliza wanakuwa wachache kuliko walioanza. Inaweza kutokea katika mwezi mmoja kwamba wanaomaliza wakazidi wanaoanza, kwa sababu si watoto wale wale. Wa Penta 3 ya mwezi wa tatu walianza mwezi wa kwanza. Kwa hiyo 61 peke yake haikuwa ushahidi wa kosa. Ilikuwa sababu ya kufungua kitabu.

Alichukua rejista, akaweka rula chini ya kila mstari, akahesabu tarehe zote za mwezi wa tatu zilizoandikwa kwenye safu ya Penta 3. Alipata 43. Akahesabu tena kutoka mwisho kurudi mwanzo, ili jicho lisirudie kosa lake. 43 tena. Penta 1 na Penta 2 zilikubaliana na grafiki. Zilipotea namba 18 katika Penta 3 peke yake.

Hapo angeweza kusema kwamba kitabu ndicho kibaya, kwamba muuguzi alichoka akasahau kuandika majina. Hilo nalo linatokea. Ili kujua, alikwenda kwa shahidi wa tatu, yaani daftari la chupa za chanjo. Katika kituo hicho chupa moja ya Penta ilikuwa na dozi 10. Mwezi wa tatu zilitumika chupa 17, ndiyo dozi 170. Grafiki ilisema 58 na 52 na 61, jumla 171. Haiwezekani kuchanja watoto 171 kwa dozi 170, hata kama hakuna tone lililomwagika. Basi grafiki ndiyo iliyokuwa na kosa.

Alizitafuta zile 18 katika karatasi za kuhesabia, moja moja. Mwezi ule muuguzi alikuwa amekwenda kwa pikipiki katika kijiji cha mbali kuwatafuta watoto waliokosa sindano ya tatu, akawachanja 11. Kule kijijini alipiga alama 11. Aliporudi kituoni aliandika majina yao katika rejista, kama inavyopaswa, na alipokuwa akiandika, akapiga alama tena kwenye karatasi ya kituo. Watoto 11 wakawa 22.

Tena, kulikuwa na watoto 5 waliokwisha kupita mwaka mmoja. Walichelewa, wakaja kumaliza. Ni vizuri walichanjwa. Lakini karatasi ina safu yao peke yake, na grafiki ni ya watoto walio chini ya mwaka. Mtu aliyejumlisha alichanganya safu mbili. Zilizobaki 2 zilikuwa kosa la kujumlisha tu. 11 na 5 na 2, ndiyo 18. Hesabu ya chupa nayo ikakaa sawa: 58, 52, 43 na wale 5 ni 158, na dozi 12 zilizobaki ni za kupotea, jambo la kawaida kwa chupa ya watu wengi.

Mtu anaweza kuuliza, ubaya uko wapi? Hakuna mtoto aliyedhurika kwa alama kupigwa mara mbili. Ubaya ni huu. Kwa namba ya 61, kituo kilionekana hakina mtoto hata mmoja aliyeacha njiani. Kwa 43, kati ya walioanza 58 na waliomaliza kuna pengo la 15, karibu mmoja katika kila wanne. Katika kazi ya chanjo, pengo likizidi 10 katika 100 ni lazima kutafuta sababu. Grafiki nzuri ingewafanya watu wote wakae. Reko wasingetumwa vijijini, na kwenye mkutano wa mwezi zoni isingeuliza lolote. Tena grafiki hii inajumlisha mwezi juu ya mwezi, kwa hiyo zile 18 za uongo zingebebwa mpaka mwezi wa 12.

Hapa kuna jaribu ambalo kila karani analijua. Ni rahisi kuongeza majina 18 katika kitabu kuliko kushusha mstari ukutani mbele ya wakubwa. Muuguzi mkuu naye aliuliza kwa masikitiko, “Sasa, mama, tutaonekana tumerudi nyuma?” Karani alimjibu, “Titilere, hatukurudi. Tulikuwa hapa tangu mwanzo, ila hatukuona.” Hakufuta kitu. Alipiga mstari mmoja juu ya 61 ili bado isomeke, akaandika 43 pembeni, tarehe na sahihi yake. Ripoti ilikuwa imekwisha kwenda zoni, basi wakaandika barua fupi yenye namba zote mbili na sababu, ili irekebishwe katika DHIS2 pia. Wakisahihisha ukutani tu, kompyuta itabaki na uongo.

Kisha akafanya kazi ambayo alama haziwezi kufanya. Alirudi kwenye watoto walioanza Penta 1 mwezi wa kwanza, akasoma kila mstari: nani ana tarehe tatu, nani ana nafasi tupu. Aliandika orodha ya majina na vijiji, akawapa reko. Wengine walikutwa wamekwisha kuchanjwa kwingine, na kadi zao zikaonyesha. Wengine walikuwa kweli hawajamaliza, na walirudi.

Sisi wa Haut-Lomami hatuwezi kuona jambo hili kuwa la makaratasi tu. Mwaka 2017 mkoa wetu ulipata polio, ya aina inayotokea pale ambapo watoto wengi hawana chanjo. Kirusi dhaifu cha chanjo ya matone kikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, kinabadilika na kupata nguvu ya kupoozesha. Kirusi hicho kinapita katika nafasi tupu za rejista, hata kama ukutani mstari unapanda.

Sasa, wamama, sehemu yetu ni ipi? Siku ya chanjo, kabla ya kuondoka mezani, tutazame kadi: tarehe ya leo imeandikwa? Kisha tuulize kwa heshima, “Mtoto wangu ameingia na kitabuni?” Mtoto akichanjwa kijijini na wauguzi wanaotembea, swali ni lile lile.

Kadi ikipotea, tusijifiche kwa aibu. Turudi kituo kile kile, tutaje jina aliloandikishwa mtoto, siku aliyozaliwa, na mwezi wa chanjo yake ya kwanza. Karani atamkuta kitabuni na kumwandikia kadi mpya. Tukihama, tuende na kadi, na kituo kipya kiambiwe mtoto alianzia wapi, maana la sivyo kule tulikotoka atahesabiwa ameacha.

Na ikiwa majuma 14 yamepita, au hata miezi 14, tumpeleke tu. Mtoto aliyekatiza haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, na kati ya dozi na dozi panatakiwa majuma 4 angalau. Leo jioni, chakula kikiwa motoni, tufungue kadi za watoto wetu na tutazame safu ya Penta. Mwenye tarehe mbili tu, siku ya kilo inayokuja ni yake.