Sufuria kubwa ya kikundi: tuinunue ao tuendelee kukodi?

Juma hili tunaleta hesabu moja tu. Tuliifanya pamoja kwenye mkutano wetu baada ya kilio cha mwezi uliopita. Siku hiyo tulizunguka Baraka tangu asubuhi tukitafuta sufuria kubwa ya kupikia watu, na tulipoipata, maharagwe yaliiva watu wakiwa wameisha kurudi kaburini na wamekaa na njaa. Wengi walikasirika wakasema: «Tununue yetu, tumechoka kuombaomba.» Mama mmoja akaongeza: «Na viti pia.» Mweka hazina akanyamaza, kwa sababu ndiye anayejua kilichomo ndani ya sanduku.

Kitu kikubwa kama hiki, bei yake peke yake haituambii kama ni ghali ao ni rahisi. Sweta ya franka 20,000 ambayo mtoto anaivaa kila asubuhi kwenda shule kwa mwaka mzima inaweza kuwa rahisi kuliko kikwembe cha bei ileile kinachotoka kabatini mara mbili. Tunachotafuta ni bei ya mara moja: kila wakati tunapokitumia kitu hicho, ni franka ngapi zimetutoka? Tunachukua pesa yote ambayo kitu kitakula, tunaigawa kwa idadi ya mara ambazo kweli tutakitumia. Kisha tunalinganisha na kile tunacholipa leo bila kuwa nacho.

Bei tulizoweka hapa ni za mfano. Kila kikundi kiweke bei za soko lake, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Tuanze na sufuria. Sufuria kubwa ya aluminiamu pamoja na kifuniko, mwiko mrefu na mafiga ya chuma, vyote tuseme franka 270,000. Hiyo siyo pesa yote. Mikono ya sufuria inalegea kwenye misumari yake, na chini panatoboka pale tunapokwangua ukoko kwa chuma. Fundi atataka franka 20,000 kwa miaka yote. Kwa upande mwingine, sufuria iliyokufa haitupwi. Wanaoyeyusha aluminiamu wanainunua, tuseme franka 26,000. Basi 270,000 ukiongeza 20,000 ni 290,000, ukitoa 26,000 inabaki 264,000.

Sasa tutaitumia mara ngapi? Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Tulipouliza kwenye mkutano, wamama walisema: «Kila juma kuna shughuli.» Juma 50 kwa mwaka, miaka minne, ni mara 200. Gawa 264,000 kwa 200, unapata franka 1,320 kwa mara moja. Kila mtu akapiga makofi.

Karani akaomba dakika kumi. Akafungua daftari ya kikundi, akahesabu mwaka mzima uliopita: vilio vitano, ndoa tatu, ubatizo mara moja, sikukuu ya 8 Machi, na siku moja tulipowapokea wageni. Jumla mara 11. Shughuli nyingine tunazozikumbuka tulikwenda kula tu, sufuria haikuwa juu yetu. Kwa miaka minne ni mara 44, siyo 200. Gawa 264,000 kwa 44, bei ya mara moja ni franka 6,000.

Tuweke alama hapo: mara za kweli zinatoka kwenye daftari, hazitoki kwenye hamu. Kama hamna daftari, kumbukeni mwezi kwa mwezi tangu mwezi huu kurudi nyuma, mkitaja nyumba ya nani na siku gani. Shughuli ambayo hakuna anayeweza kuitaja, msiihesabu.

Hatua inayofuata ni kulinganisha. Leo tunakodi sufuria kwa franka 10,000, na tunalipa pikipiki franka 4,000 kuileta na kuirudisha. Mama mmoja akasema kwa hiyo tunaokoa kutoka 14,000. Hapana. Hata sufuria ikiwa yetu italala kwa mtu mmoja, na siku ya kilio upande wa pili wa mji itapanda pikipiki vilevile. Tunachookoa ni ile 10,000 ya kukodi tu. Yetu ni 6,000, ya kukodi ni 10,000: tunabaki na 4,000 kila mara, yaani 44,000 kwa mwaka. Ukigawa 264,000 kwa 10,000 unaona kwamba sufuria inajilipa kwenye mara ya 27. Kwa mara 11 kila mwaka, hiyo ni katikati ya mwaka wa tatu. Kabla ya hapo, tungekuwa tumetumia pesa nyingi kuliko kukodi.

Viti je? Viti 50 vya plastiki, kila kimoja 15,000, ni franka 750,000. Kuvikodi vyote 50 ni 15,000 kwa siku moja. Viti vya plastiki jua linavikausha, miguu inapasuka watu wazito wakiegemea nyuma. Tuseme vinatumika miaka mitatu. Ni shughuli zilezile 11 kwa mwaka, kwa hiyo mara 33. Gawa 750,000 kwa 33, ni karibu franka 22,700 kwa mara moja, wakati kukodi ni 15,000. Viti vingetupotezea pesa kila tunapovikalia. Wengine walisema tutavikodisha kwa majirani. Inawezekana, lakini majirani wanaovitaka wako wapi kwenye daftari? Kama wapo, waje waseme mapema watavichukua siku gani. Tuliamua viti tuendelee kukodi.

Tulidhani hesabu ya sufuria imekwisha, ndipo mama mzee wetu akainua mkono. Akauliza: «Hiyo miaka minne, nani amewapa?» Mwaka 1996 alikimbia na watoto wake, akavuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, akaishi kwenye kambi ya Nyarugusu. Akasema: «Niliacha sufuria tatu kwenye moto na nje ya moto. Hakuna anayekimbia na sufuria kichwani kama ana mtoto mgongoni.»

Nyumba ikanyamaza. Hesabu hii inadai kwamba tutakaa na kitu mpaka kiishe. Hapa kwetu Fizi hatuwezi kuchukua hilo kama jambo la uhakika, na mwizi wa usiku ao moto wa nyumba unafanya kazi ileile. Basi tukahesabu upya. Tuseme sufuria inapotea baada ya miaka miwili. Tumenunua kwa 270,000, tumetengeneza kwa 10,000, hakuna cha kuuza mwishoni. Ni 280,000 kwa mara 22, yaani zaidi ya franka 12,700 kwa mara moja. Kukodi kulikuwa 10,000. Sufuria ileile, sasa ni hasara.

Wengine walitaka tuache kabisa. Lakini angalieni vizuri mahali ugonjwa ulipo. Bei ya mara moja inashuka kwa njia mbili: kitu kidumu miaka mingi, ao kitumike mara nyingi ndani ya muda mfupi. Miaka hatuitawali. Mara tunaweza kuziongeza.

Tukaenda kwa wamama wa kikundi jirani, ambao nao wanakodi. Daftari yao ilionyesha pia mara 11. Tukinunua pamoja, sufuria inafanya kazi mara 22 kwa mwaka, na ndani ya miaka miwili ni mara 44. Hata tukilipa fundi 20,000 na kuipoteza kabisa mwishoni bila kuuza chochote, ni 290,000 kwa 44, karibu franka 6,600 kwa mara moja. Bado iko chini ya 10,000. Kila kikundi kinatoa 135,000 badala ya 270,000, na ikipotea mapema, hasara imegawanywa.

Ushirika una matatizo yake, nasi tuliyataja kabla ya kutoa pesa. Siku mbili za kilio zinaweza kugongana, basi aliyeandika kwanza kwenye daftari anachukua, na wa pili anakodi kwa pesa ya mfuko wa wote. Sufuria inayorudi chafu ao imetoboka italeta ugomvi, basi anayeipokea anaiangalia mbele ya anayeirudisha: anaijaza maji kidogo kuona kama inavuja, anatikisa mikono yake. Haiwekwi juu ya moto bila maji, na haikwanguliwi kwa chuma. Sufuria inayofanya kazi mara mbili inachoka mara mbili, kwa hiyo tulipandisha pesa ya fundi katika hesabu hapo juu, hatukuiacha ileile.

Jambo la mwisho ni wakati. Hata hesabu ikikubali, pesa ya sufuria ikitoka mwezi wa tisa inamnyima mama mkopo wa kulipia mtoto shule. Pesa iliyo ndani ya sanduku la akiba ina kazi pia, hailali. Tuliamua kununua baada ya kugawana akiba mwisho wa mzunguko, siyo kabla.

Hesabu hii haijibu kila kitu. Machela ya kubebea mama mjamzito mpaka kwa waganga inaweza kutumika mara tatu kwa mwaka, na bei yake ya mara moja ikawa kubwa sana. Hatuwezi kuiacha kwa sababu hiyo, maana siku inapohitajika hakuna wa kukukodisha usiku wa manane. Kikwembe cha 8 Machi nacho: ukigawa, ni ghali. Lakini mama akijua kwamba analipa kwa ajili ya furaha ya siku moja, na watoto wameisha kula, huo ni uamuzi wake. Ubaya ni kulipa pesa ya furaha huku tukijiambia ni pesa ya faida.

Kwa hiyo kabla kikundi chenu hakijatoa pesa kwa kitu kikubwa, andikeni mistari mitano kwenye karatasi: bei pamoja na matengenezo, kile mtakachouza mwishoni, mara za kweli kutoka kwenye daftari, bei ya kukodi leo, na mwisho hesabu ileile kama kitapotea katikati ya njia. Kama mstari wa tano bado uko chini ya wa nne, nunueni. Kama hauko, tafuteni kwanza jirani wa kununua naye.

Sisi sufuria tutaipokea mwezi ujao. Mama mzee ndiye atakayeshika daftari yake.