Mpaka Mzazi Afe Ndipo Mwana Apewe Ruhusa?

Tusome sheria kama ilivyoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, kifungu hicho cha 34 kinataja kifo tu. Baba akipooza upande mmoja, sheria imenyamaza. Akizikwa, sheria inatoa pole.

Marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza likizo ya dharura ya hadi siku 30, bila malipo. Lakini kiharusi ni dharura kwa siku chache tu. Baada ya hapo huanza kazi ya miezi: kumlisha mgonjwa taratibu asipaliwe, kumgeuza kitandani asipate vidonda, kusimamia dawa za shinikizo la damu, na kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye matumaini makubwa ya mkono na mguu kurejewa na nguvu. Fursa hiyo ikipita, hairudishwi na likizo ya mwakani.

Kwa hiyo mfanyakazi wa namna hii haombi kukaa nyumbani. Anaomba saa zake zipangwe upya. Chukua mtumishi anayeingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, ambaye mama yake ana kliniki ya mazoezi Jumanne na Alhamisi. Siku hizo mbili aingie saa 4:30. Zimepungua saa sita. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa atoke saa 11:30 jioni. Zimerudi saa sita. Mwajiri hakupoteza hata dakika moja. Tena sheria hiyohiyo inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, siku ya kazi kufika saa 12 pamoja na mapumziko ya chakula. Zana ipo, kinachokosekana ni wajibu wa kuitumia.

Wakuu wa idara hujibu: “Kila mtu ana mzazi, tukimruhusu mmoja, ofisi itabaki tupu.” Hoja hii haisimami. Barua ya daktari inatenganisha ukweli na kisingizio, na muda wa miezi mitatu wenye tarehe ya tathmini unaweka mpaka. Ofisi hubaki tupu pale mfanyakazi, aghalabu binti wa familia, anapolazimika kuacha kazi kabisa, naye huondoka na uzoefu wa miaka.

Ninachodai ni mambo mawili. Kwanza, neno “ugonjwa” liwekwe kando ya neno “kifo” panapotajwa mzazi. Pili, mwajiri anayekataa ombi la kupanga upya saa alazimike kueleza sababu zake kwa maandishi. “Hatuna utaratibu huo” isiwe tena jibu halali, kwa maana utaratibu hutungwa na watu, na watu hao nao wana wazazi.