Barua ya deni la fremu: taja kiasi na tarehe

"Naomba univumilie, hali ni ngumu, nikipata nitalipa." Kwa maoni yangu, barua hiyo haimpi mwenye fremu kitu cha kukubali. Iandike upya hivi:

"Nadaiwa shilingi 240,000, kodi ya miezi minne. Kila tarehe 5 nitalipa kodi ya mwezi, 60,000, na juu yake sehemu ya deni: Mei na Juni 20,000 kila mwezi, Julai na Agosti 80,000 kila mwezi nikishauza mahindi, Septemba 40,000."

Kodi ya mwezi itaje kando, la sivyo deni jipya litaota huku unalipa la zamani. Wala usigawe sawasawa kama mwenye mshahara. Mei mahindi yako bado yako shambani. Akikubali, wekeni saini nakala mbili, moja ubaki nayo.