Samahani nyingi, ombi halionekani

Wadau, tuambiane ukweli. Tunaiita adabu, kumbe ni woga.

Majuzi nikiwa Kibaha niliiandikia ofisi moja ya umma Kisarawe barua pepe hivi: "Samahani kwa usumbufu, najua mna majukumu mengi, samahani tena kama siyo mahali pake, nilikuwa nafuatilia habari za kisima, sasa kama itawezekana, mkipata nafasi, mnisaidie chochote mlicho nacho..."

Wiki mbili, kimya. Nikawalaumu. Halafu nikajisoma mwenyewe. Niliomba nini hasa? "Chochote." Lini? "Mkipata nafasi." Nani kazini ana nafasi?

Nikaandika upya. Kichwa: "Ombi: nakala ya mkataba wa kisima, kabla ya 12 Machi". Chini yake:

"Habari za kazi. Naomba nakala ya mkataba wa kisima cha kijiji. Naomba inifikie kabla ya Alhamisi, 12 Machi, saa 9 alasiri, kwa kuwa Ijumaa nakuja Kisarawe kukiona. Asante."

Basi. Salamu ipo, asante ipo. Adabu gani imepungua?

Ila tusijidanganye. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 30 kujibu. Tarehe yangu ni ombi, siyo amri, ndiyo maana nikaiwekea sababu. Bila sababu ingesomeka kama jeuri.

Jibu lilikuja Jumanne. Samahani zangu zote hazikuwahi kuleta hata mstari mmoja. Mnasemaje?