Tufumbe macho kwanza, tusome baadaye

Mwaka huu nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu wa filamu fupi za wanafunzi. Masharti yalikuwa mepesi: filamu isizidi dakika 5, na mazungumzo yawe katika lugha ya kwetu. Kila filamu ilipewa alama 10 kwa hadithi, 10 kwa sauti, 10 kwa uunganishaji wa picha, 10 kwa kufuata masharti.

Filamu moja ilitugawanya. Mama muuza unga anadaiwa na jirani yake. Wanaonana barabarani, anasema neno moja, na jirani anaondoka. Wenzangu wawili walitoa 8 kwa sauti. Mimi nilitoa 4.

Neno lile lilikuwa «sitalipa». Mimi nilisikia «…talipa» tu, kwa sababu pikipiki ilipita. Je, ni «nitalipa» ao «sitalipa»? Hadithi nzima inakaa katika silabi ile ya kwanza, tena sauti ya «s» ni nyembamba, makelele inaimeza upesi. Wenzangu hawakukosa kitu, maana walisoma tafsiri ya Kifaransa chini ya picha. Walihesabu macho yao kuwa masikio.

Mmoja alinijibu: «Ndugu, hawa wanafunzi hawana mikro.» Ni kweli, lakini kosa halikuwa la pesa. Kamera ilisimama mbali, na sauti ilichukuliwa na kamera ileile. Simu ya pili, ikifichwa ndani ya kitenge karibu na kifua cha mama, ingenasa neno lile vizuri zaidi. Kupiga makofi mara moja mbele ya kamera kungewasaidia kulinganisha sauti na picha baadaye.

Kosa lingine lilikuwa la uunganishaji. Kila picha ilipobadilika, mlio wa barabara ulikatika ghafla, kisha ukaanza upya. Dawa yake ni kurekodi nusu dakika ya barabara peke yake, bila mtu kusema, na kuitandika chini ya mazungumzo yote. Hapo nilitoa 5.

Lakini sikuadhibu kosa moja mara mbili. Hadithi ilipata 8 yake, kwa kuwa imejengwa vizuri. Masharti yalipata 10, hata kama filamu ilifika dakika 5 na sekunde 12: sekunde 15 za mwisho zilikuwa majina ya watendaji, na masharti hayakusema kama majina yanahesabiwa. Mwamuzi hana ruhusa ya kuongeza sharti kiisha filamu kuletwa.

Ninaomba jambo moja kwa mwaka ujao: mwamuzi anayejua lugha ya filamu asikilize mara ya kwanza macho yakiwa yamefumbwa, na aandike alama ya sauti mbele ya kusoma tafsiri. Asiyejua lugha asitoe alama ya usikivu wa maneno. Tukiendelea kusoma tu, tutakuwa tunazawadia lugha zetu kwa Kifaransa chake.